Alama imepanda, malipo yanashuka: kulisaka tatizo lililojificha nyuma ya swali moja

Swali lenyewe ni fupi: "Kwa alama 0 hadi 10, je, utamshauri ndugu, jirani au rafiki achukue sola kwetu?" Linafuatwa na swali dogo: "Kwa nini umetoa alama hiyo?" Anayetoa 9 au 10 tunamwita mpigadebe. Wa 7 au 8 ni vuguvugu. Kuanzia 6 kushuka hadi 0 ni mnung'unikaji. Unachukua asilimia ya wapigadebe, unatoa asilimia ya wanung'unikaji, na kinachobaki ndicho kinachoandikwa NPS kwenye ripoti. Inaweza kuwa popote kati ya -100 na 100. Fred Reichheld aliutangaza utaratibu huu mwaka 2003, na umependwa kwa sababu meneja anapata namba moja tu ya kusoma.

Nimefanya kazi ya huduma kwa wateja wa sola za mkopo mkoani Kigoma: mjini, Ujiji, na vijiji vya Uvinza kuanzia ukanda wa ziwa hadi Nguruka relini. Mteja anaweka kianzio, anafungiwa paneli, betri na taa nyumbani, kisha analipa kwa simu. Akilipa anapata tokeni, yaani tarakimu za kuingiza kwenye mtambo ili taa ziwake kwa siku alizolipia. Siku zikiisha, taa zinajifunga. Nitazipitia dalili nilizokutana nazo mara nyingi, nikianza na ile iliyonifundisha zaidi. Takwimu za mfano nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane, ila mwenendo wake ndio niliouona kazini.

Dalili: alama inapanda, lakini wateja wanaacha kulipa

Tuchukue duka lenye wateja 640. Wote wametumiwa meseji yenye swali. Waliojibu ni 96: wapigadebe 52, vuguvugu 20, wanung'unikaji 24. Ukiwa na majibu kwenye safu ya C, hesabu ni hii:

```
=100*(COUNTIF(C2:C97,">=9")-COUNTIF(C2:C97,"<=6"))/COUNT(C2:C97)
```

Jibu ni 29. Robo mwaka iliyopita ilikuwa 18. Ofisini watu wanapongezana, huku daftari la malipo likionyesha nyumba zilizofungiwa taa zinaongezeka kila wiki. Namba hizi mbili haziwezi kuwa zinawahusu watu walewale.

Kwa hiyo usianze kuuliza kwa nini waliojibu wamefurahi. Uliza ni nani hakujibu, na kabla ya hapo uliza ni nani hata hakuipata meseji. Mtoa huduma wa meseji anakupa ripoti ya kila namba. Iliyofika huandikwa `DELIVRD`. Ambayo haikufika huandikwa `EXPIRED` au `UNDELIV`. Watu wengi hawaifungui ripoti hii kabisa, na kwa biashara ya sola ndiyo yenye ufunguo.

Katika mfano wetu meseji 498 zilifika na 142 hazikufika. Sasa weka orodha hizo mbili kando ya orodha ya waliofungiwa taa au walioripoti hitilafu siku hiyo. Kati ya 498 waliopata meseji, wenye taa zilizofungwa au mbovu ni 60, yaani 12 katika kila 100. Kati ya 142 ambao meseji haikuwafikia, wenye tatizo ni 91, yaani 64 katika kila 100.

Sababu utaiona ukikaa sebuleni kwa mteja. Simu yake inachajiwa na sola hiyohiyo. Taa zikifungwa au betri ikifa, simu nayo inazimika ndani ya siku mbili, na kuchaji tena ni lazima aipeleke senta au kwa jirani. Meseji yako inaikuta simu imezima, inasubiri saa zake, inakufa. Yule hasa mwenye jambo la kukuambia ndiye aliyetolewa kwenye hesabu, na aliyemtoa ni tatizo lenyewe unalotaka kulijua. Kadiri mitambo inavyoharibika, ndivyo waliobaki kujibu wanavyokuwa wale ambao sola zao ni nzima, na alama inapanda.

Kulithibitisha si kazi kubwa. Kutoka kwenye zile namba 142, chagua 30 kwa bahati nasibu, si wale walio karibu na barabara ya lami. Mtume mtu akawaulize ana kwa ana swali lilelile kwa maneno yaleyale. Asiwe fundi aliyefunga mtambo, wala mkusanya madeni, wala wakala wa kijiji hicho. Na akimkosa mteja asimwachie jirani ujumbe wa deni. Hilo ni jambo la mteja na kampuni peke yao.

Tuseme amewapata 27: wapigadebe 5, vuguvugu 6, wanung'unikaji 16. NPS ya kundi hili ni -41. Ukiyapa makundi mawili uzito wa ukubwa wake, 498 wenye 29 na 142 wenye -41, duka zima linashuka hadi kama 13. Bado umechukulia kwamba waliopata meseji wakakaa kimya wanafikiri kama waliojibu, jambo ambalo halina uhakika. Lakini 13 iko karibu na ukweli kuliko 29, na muhimu zaidi, sasa una majina ya watu 16 wa kuwasikiliza.

Dalili: alama inaruka juu na chini kila mara

Kabla ya kumtafuta mchawi, pima ukubwa wa kuyumba kwa namba yenyewe. Kwenye hesabu hii `p` ni sehemu ya wapigadebe, `d` ni sehemu ya wanung'unikaji na `n` ni idadi ya majibu:

```
=196*SQRT((p+d-(p-d)^2)/n)
```

Kwa yale majibu 96, `p` ni 0.54 na `d` ni 0.25, na jibu linakuja kama 17. Maana yake ile 29 inaweza kuwa 12 au 46 kwa bahati ya nani aliamua kujibu tu. Kutoka 18 hadi 29 hakuna habari yoyote uliyoipata. Na hesabu hii inashughulikia bahati peke yake; haiponyi lile tatizo la simu zilizozima.

Kando ya bahati, huku kwetu kuna mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Sunuka, Ilagala na kwingineko ziwani wanavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea samaki hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika. Ukituma swali wakati wa giza, mwenye nyumba yuko majini usiku na amelala mchana. Ukilituma wakati wa mbalamwezi, yuko nyumbani na simu mkononi, lakini mfukoni hamna kitu na taa huenda zimefungwa. Ni watu walewale, sola ileile, alama tofauti. Tulipoanza kutuma swali kwa tarehe ya mwezi wa angani badala ya tarehe ya kalenda, yaani kila mara siku zilezile baada ya mwezi kuandama, mruko mmoja mkubwa uliisha. Vijiji vya wakulima havihitaji hilo. Huko angalia tu usilinganishe msimu wa mauzo na msimu wa kupanda.

Dalili: kijiji kizima kimetoa kumi

Weka saa ya jibu kando ya saa ambayo fundi au wakala alifika kwa mteja. Majibu yakirundikana ndani ya dakika chache za ziara, kuna mtu alikuwa amesimama pale akisema "mama, bonyeza kumi hapo." Mara nyingi si mtu mbaya. Kafungiwa bonasi kwenye alama, na ana watoto. Tenganisha malipo yake na namba hii, na tuma swali siku mbili tatu baada ya ziara.

Dalili iliyo kinyume yake ni 1 inayokuja na maneno "huduma nzuri sana, Mungu awabariki." Mteja huyu hakukosea kwa uzembe. Darasani tumekua tukijua kwamba aliyeshika namba moja ndiye bora, naye amekupa namba moja. Mwingine anakupa 7 akiwa ameridhika kabisa, kwa sababu alama ya shule ilikuwa hivyo: 7 ni umefaulu, 10 ni kwa asiyekosea, na asiyekosea ni Mungu. Dawa ni kuandika maana ya ncha zote mbili ndani ya swali: "0 ni sitamshauri kabisa, 10 ni nitamshauri bila wasiwasi." Zile zilizokwisha kuingia usizibadilishe kwa kukisia. Piga simu, uliza, kisha andika alama ya kwanza na ya pili katika safu mbili tofauti, ili anayekuja baada yako aone kilichotokea.

Dalili: namba haijabadilika, lakini simu za malalamiko zimeongezeka

Hapa usitazame NPS, tazama mafungu matatu. Duka lenye wapigadebe 30 kwa 100 na waliobaki 70 wote vuguvugu lina NPS 30. Duka lenye wapigadebe 65 na wanung'unikaji 35 nalo lina 30. La kwanza lina watu walioridhika wasio na msisimko. La pili lina theluthi nzima ya wateja waliokasirika, na wanaishi kijiji kimoja na wale wanaokusifu. Pia aliyepanda kutoka 0 hadi 6 haonekani popote kwenye namba, ingawa kwa fundi aliyeshinda darini akimrekebishia waya ni kazi kubwa imefanyika. Chora idadi ya kila alama kuanzia 0 hadi 10, itaonekana.

Dalili: maoni yamejaa "sawa", "nzuri", "jitahidini"

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoishia kuhesabu maneno na kuweka rangi kwenye ripoti. "Jitahidini" si maoni, ni adabu. Ni neno la mtu asiyetaka kukuaibisha kwa maandishi, ambaye pengine meseji kaandikiwa na mtoto wa darasa la tano. Ukitaka lililo chini yake, piga simu.

Piga ndani ya siku mbili. Wiki ikipita, mteja amesahau siku yenyewe na anakupa maoni ya jumla. Anayepiga awe mtu asiye na cha kutetea, kwa sababu ile ile niliyosema kuhusu ziara. Aanze na salamu za kutosha, aulize kama ana nafasi, aseme mapema kwamba hapigi kudai. Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Bila hiyo, dakika zote tano mteja anajitetea kuhusu deni.

Kisha usimuulize "tuboreshe nini?" Jibu la swali hilo ni "punguzeni bei" karibu kila mara, na ni haki yake kulisema, ila halikuambii kilichoharibika. Muulize kuhusu siku moja. Hii ni simu niliyoipiga mwenyewe kwa mteja wa kijiji cha kando ya ziwa, aliyetoa 3 na kuandika "taa hazifai."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, napiga kutoka kwenye sola, na sipigi kwa ajili ya malipo. Ulituandikia kwamba taa hazifai. Mara ya mwisho zilipokusumbua ilikuwa lini?"

"Juzi. Zilikuwa zimezima tu, na nimelipa."

"Ulilipa wewe mwenyewe?"

"Nililipa kwa wakala hapa senta, nikampa namba ya akaunti. Nikakaa gizani siku mbili."

"Baada ya siku mbili zikawaka vipi?"

"Baba yao aliporudi kutoka ziwani. Ile namba iliingia kwenye simu yake."

Mtu wa ripoti angeiweka "taa hazifai" kwenye fungu la ubora wa bidhaa, na fundi angekwenda kubadilisha taa nzima kabisa. Kosa halikuwa kwenye taa. Tokeni inatumwa kwenye namba iliyosajiliwa, na iliyosajiliwa ni ya mume, kwa sababu ndiye aliyetia saini ya mkopo. Mume yuko ziwani ambako mtandao haushiki. Mke ana fedha, ana risiti, ana mtambo mzima, ila hana tarakimu. Ukimuuliza kwa alama atakupa 3, na kwa maneno atakupa kitu cha kwanza anachokiona, ambacho ni taa isiyowaka.

Andika alichosema kwa maneno yake, "nikakaa gizani siku mbili", si kwa ufupisho wako. Safu ya pili ndiyo uweke sababu uliyoithibitisha: tokeni imekwenda namba isiyo nyumbani. Safu ya tatu, nani atarekebisha na lini. Ukichanganya safu ya kwanza na ya pili, baada ya mwezi hakuna atakayejua kipi alisema mteja na kipi ulifikiri wewe.

Maneno yaleyale kwa mteja mwingine yana sababu nyingine, ndiyo maana huwezi kuyahesabu tu. "Mwanga hafifu" nimeukuta ukiwa na sababu tatu. Uliza taa inafifia saa ngapi. Ikiwa inawaka vizuri saa moja jioni na kufa saa tatu au nne usiku, betri haikushiba mchana au imechoka: ulizia vumbi kwenye paneli, kivuli cha mwembe uliokua tangu siku ya kufunga, na kama nyumba inachaji simu za majirani kwa malipo. Hilo la mwisho mteja hulificha akidhani ni kosa, kwa hiyo uliulize kwa upole. Ikiwa ni taa moja tu iliyo hafifu tangu inapowashwa, huku nyingine ziko sawa, tuma fundi aangalie waya wake na maungio. Na ikiwa zilikuwa nzuri hadi mvua zilipoanza, mawingu yamepunguza chaji. Hapo hakuna kilichoharibika, ila kuna mtu wa mauzo ambaye hakumweleza mteja jambo hilo wakati wa kuuza, na hilo nalo ni la kuandika.

Usiwapigie wanung'unikaji peke yao. Chukua vuguvugu kadhaa na wapigadebe wachache kila raundi. Kwa wapigadebe uliza "umeshamshauri nani?" Wengi watakutajia shemeji au jirani kwa haraka. Anayenyamaza kidogo kisha akasema "bado, ila nitamwambia" alikupa kumi ya heshima.

Kwa kesi ya tokeni, tulizitafuta akaunti zote ambazo malipo yalifanyika lakini tokeni ikaingizwa baada ya zaidi ya saa 24. Orodha hiyo haikuhitaji alama wala maoni, ilikuwa kwenye mfumo siku zote. Ila hakuna aliyejua kuitafuta mpaka mama yule aliposimulia siku zake mbili. Wengi walikuwa kaya za wavuvi. Suluhisho lilikuwa kusajili namba ya pili kwa kila akaunti, kwa ridhaa ya mwenye mkopo, na kutuma tokeni kwenye namba zote mbili. Maendeleo yake tuliyapima kwa saa, kati ya kulipa na kuwaka, si kwa NPS, kwa sababu saa hazina adabu wala mbalamwezi.

Namba ya pili ilipoingia nilimpigia mama yule tena kumweleza kilichofanyika na kumwomba ajaribu malipo yafuatayo akiwa peke yake. Tokeni ilifika kwenye simu yake, akaiingiza, taa zikawaka kabla hajarudi jikoni. Raundi iliyofuata alitoa 7. Kwenye maoni aliandika: "Sasa nalipa mwenyewe nawasha mwenyewe."